Determinanti ya tatu kwa tatu: jibu limekataa, au limetoka sifuri kweli?

Nimesahihisha hesabu nyingi za determinanti, na sehemu kubwa ya makosa niliyoyakuta yanarudi mahali palepale. Jambo zuri ni kwamba jibu baya huacha alama ya lilikotoka. Kwa mfano ule mmoja wa hapa chini, mtu aliyepata -15 amekosea mahali tofauti na aliyepata -7, na unaweza kujua ni wapi kabla hata hujaangalia kazi yake. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili hizo, kisha unaingia kwenye dalili inayosumbua kuliko zote: sifuri.

Kwanza tukubaliane maneno. Matriksi ina milalo mitatu, inayokwenda kushoto kulia, na wima tatu, zinazoshuka juu chini. Kila namba ina determinanti yake ndogo: unafuta mlalo na wima zinazopita kwenye namba hiyo, zinabaki namba nne, unazidisha kimshazari na kutoa. Ukiipa determinanti ndogo alama yake kutoka kwenye jedwali hili, inakuwa kofakta:

```
+  -  +
-  +  -
+  -  +
```

Determinanti ni jumla ya namba za mlalo mmoja, au wima moja, kila moja ikizidishwa kwa kofakta yake yenyewe. Maneno mawili ya mwisho yashike, tutayarudia.

Mfano wetu wa kwanza unatokana na milinganyo ambayo pande zake za kushoto ni 2x - y + 3z, kisha x + 4y - 2z, kisha 3x + 5z:

```
2  -1   3
1   4  -2
3   0   5
```

Tukifungua kwa mlalo wa kwanza, determinanti ndogo ya 2 ni 4·5 - (-2)·0 = 20. Ya -1 ni 1·5 - (-2)·3 = 11. Ya 3 ni 1·0 - 4·3 = -12. Alama ni +, -, +, kwa hiyo kofakta ni 20, -11 na -12. Jumla: 2·20 + (-1)·(-11) + 3·(-12) = 40 + 11 - 36 = 15.

Dalili: umepata -7

Hapa alama ya katikati imepotea. Namba ya katikati ni -1, na nafasi yake kwenye jedwali ina alama ya kutoa. Mtu huiona kutoa moja akadhani ameshaihesabu, kumbe ziko mbili: moja ni ya namba, nyingine ni ya nafasi. Akiandika 40 - 11 - 36 anapata -7. Kosa hili hutokea zaidi pale namba ya mlalo inapokuwa hasi, kwa sababu ishara iliyoandikwa humeza ile isiyoandikwa. Dawa yake ni kuandika kofakta tatu peke yake kwanza, zikiwa na alama zake, ndipo uzizidishe kwa namba za mlalo. Usifanye hatua zote mbili ndani ya mstari mmoja wa hesabu.

Dalili: umepata 3

Alama za nafasi ziko sawa, lakini ndani ya determinanti ndogo ya katikati umeandika 5 - 6 badala ya 5 + 6. Pale pana (-2)·3, ambayo ni -6, na tunaitoa, kwa hiyo inakuwa kuongeza 6. Ukipata -1 mahali pa 11, jumla inakuwa 40 - 1 - 36, yaani 3. Weka mabano kwenye kila namba hasi inayoingia kwenye determinanti ndogo.

Dalili: umepata -15, ukubwa sawa na alama kinyume

Karibu kila mara umefungua kwa mlalo wa pili ukaanza na alama ya kujumlisha. Mlalo wa pili huanza na kutoa. Determinanti zake ndogo ni -5, 1 na 3. Ukitumia +, -, + unapata -5 - 4 - 6 = -15. Ukitumia -, +, - unapata 5 + 4 + 6 = 15. Alama zote tatu zimegeuka kwa pamoja, ndiyo maana jibu zima limegeuka bila kubadilika ukubwa. Ukiona jambo hili, huna haja ya kurudia hesabu. Angalia tu ulianza na alama gani.

Dalili: umepata 5

Hili halihusu kofakta hata kidogo. Mlinganyo wa tatu, 3x + 5z, hauna y, nawe umenakili namba zake kama 3, 5, 0. Herufi isiyokuwepo lazima iwekewe sifuri mahali pake, chini ya y. Hesabu yako yote inaweza kuwa safi kabisa na bado jibu likawa la matriksi nyingine, na hakuna kipimo cha ndani kitakachokuonyesha. Rudi kwenye milinganyo yenyewe.

Kipimo cha kofakta

Kipo kipimo kifupi ambacho naona hakitumiki inavyostahili. Chukua kofakta za mlalo mmoja uzizidishe kwa namba za mlalo mwingine. Jumla lazima iwe sifuri, daima, kwa matriksi yoyote.

Kofakta zetu za mlalo wa kwanza ni 20, -11, -12. Kwa namba za mlalo wa pili: 1·20 + 4·(-11) + (-2)·(-12) = 20 - 44 + 24 = 0. Kwa mlalo wa tatu: 3·20 + 0·(-11) + 5·(-12) = 60 - 60 = 0. Zote mbili zimepita.

Sasa jaribu na kosa lile la -7, ambapo kofakta ya katikati imeandikwa 11. Mlalo wa pili unatoa 20 + 44 + 24 = 88, na kosa limejitokeza. Lakini mlalo wa tatu bado unatoa sifuri, kwa kuwa namba yake ya katikati ni 0 na inaificha kofakta iliyoharibika. Kwa hiyo pima kwa milalo yote miwili iliyobaki. Mmoja hautoshi, hasa wenye sifuri ndani yake.

Sababu ya kipimo hiki kufanya kazi ni hii: kofakta za mlalo wa kwanza hazitumii namba hata moja ya mlalo wa kwanza, maana mlalo huo ndio uliofutwa. Ukiweka namba za mlalo wa tatu mahali pake, unakokotoa determinanti ya matriksi yenye milalo miwili inayofanana. Ukiibadilisha nafasi milalo hiyo miwili, determinanti inapaswa kugeuka alama, lakini matriksi imebaki vilevile. Namba inayolingana na hasi yake ni sifuri pekee.

Dalili: umepata 0, lakini mwenzako kapata 15

Sasa unajua sifuri hii ya uongo inatoka wapi. Mtu huandika kofakta za mlalo wa kwanza, halafu anagundua kuwa mlalo wa tatu una sifuri na utakuwa mwepesi. Anahamia kwenye namba 3, 0, 5, lakini kofakta zinabaki zile za zamani. Anapata sifuri kamili, safi, inayoonekana kama jibu zuri. Kisha anaandika kwamba milinganyo haina jibu moja, na kila kinachofuata kinaharibika.

Kufungua kwa mlalo wa tatu ni wazo jema, ila kofakta nazo ziwe za mlalo wa tatu. Kwa namba 3 ni (-1)·(-2) - 3·4 = -10, kwa 5 ni 2·4 - (-1)·1 = 9, na ya katikati huhitaji kuikokotoa. Jumla ni -30 + 45 = 15. Napenda kuhakikisha kila sifuri kwa njia hii, yaani kwa mlalo au wima nyingine kabisa, kabla sijaiamini. Jibu la 15 lililokosewa kidogo hutoa namba mbaya. Sifuri iliyokosewa hutoa hitimisho baya.

Dalili: sifuri ni ya kweli, na hujui kama jibu lipo

Chukua milinganyo hii:

```
 x + 2y -  z = 4
2x -  y + 3z = 3
4x + 3y +  z = 11
```

Kofakta za mlalo wa kwanza ni -10, 10 na 10. Determinanti: 1·(-10) + 2·10 + (-1)·10 = 0. Fungua kwa wima ya kwanza uhakikishe: kofakta zake ni -10, -5 na 5, na jumla ni 1·(-10) + 2·(-5) + 4·5 = 0. Sifuri ni ya kweli.

Wengi huandika hapa "hakuna jibu" na kufunga daftari. Sifuri haisemi hivyo. Inasema jambo moja tu: jibu moja pekee haliwezekani. Kilichobaki ni kati ya mawili: majibu yasiyo na idadi, au hakuna hata moja. Pande za kushoto peke yake haziwezi kuamua, maana determinanti haijaziona namba 4, 3 na 11. Ndiyo kisa cha watu wawili kuwa na determinanti ileile na majibu tofauti, na wote wawili wako sahihi.

Kwa kawaida tunaambiwa turudi mwanzo, tuondoe herufi moja moja, tuone kama itatokea 0 = 0 au 0 = 1. Njia hiyo ni nzuri. Lakini kofakta ulizokwisha kuzikokotoa zina habari hiyohiyo ndani yake.

Tazama kofakta za wima ya kwanza: -10, -5, 5. Zigawe kwa 5 upate -2, -1, 1. Sasa zidisha mlalo wa kwanza kwa -2, wa pili kwa -1, wa tatu kwa 1, ukajumlishe. Kwa x: -2 - 2 + 4 = 0. Kwa y: -4 + 1 + 3 = 0. Kwa z: 2 - 3 + 1 = 0. Kila kitu kimefutika. Maana yake mlalo wa tatu ni mlalo wa pili ukiongezwa mara mbili ya mlalo wa kwanza. Mlinganyo wa tatu haukuleta habari mpya upande wa kushoto. Ni wale wawili wa kwanza wakirudi kwa sura nyingine. Kofakta zimekutajia kwa kipimo kamili namna ulivyotengenezwa.

Basi pitisha pande za kulia kwenye kipimo hichohicho: -2·4 - 3 + 11 = 0. Zinakubaliana. Mlinganyo wa tatu ni marudio halali, na majibu hayana idadi. Lakini kama namba ya mwisho ingekuwa 12, ungepata -8 - 3 + 12 = 1. Upande wa kushoto ukisema 0 na wa kulia ukisema 1, milinganyo inapingana na hakuna jibu.

Aliyesoma kanuni ya Cramer, iliyochapishwa mwaka 1750, ambayo hupata kila herufi kwa kugawanya determinanti moja kwa nyingine, atatambua kitu hapa. Hesabu ya 4·(-10) + 3·(-5) + 11·5 ndiyo determinanti inayokaa juu unapotafuta x kwa kanuni hiyo. Kwa hiyo "sifuri juu ya sifuri" na "tano juu ya sifuri" si makosa ya kikokotoo. Ile ya kwanza, kwenye mfano huu, inatokana na milinganyo inayokubaliana; ya pili inatangaza mgongano.

Kofakta za mlalo nazo zina kazi yake. Zile za kwanza zilikuwa -10, 10, 10. Zigawe kwa 10 upate -1, 1, 1. Huu ndio mwelekeo wa majibu yote. Tafuta jibu lolote moja: weka z = 0, milinganyo miwili ya kwanza inakupa x = 2 na y = 1. Kutoka hapo, tembea kwa mwelekeo ule kiasi chochote t:

```
x = 2 - t
y = 1 + t
z = t
```

Jaribu t = 3, yaani -1, 4, 3. Mlinganyo wa kwanza: -1 + 8 - 3 = 4. Wa pili: -2 - 4 + 9 = 3. Wa tatu: -4 + 12 + 3 = 11. Yote mitatu imetimia.

Ukitaka kuliona kwa macho, kila mlinganyo ni bapa katika nafasi ya pande tatu. Kwenye namba 11, mabapa matatu yanakutana kama kurasa tatu zinavyoshikwa na uti mmoja wa kitabu, na majibu ndiyo uti huo. Ukiweka 12, bapa la tatu linasogea bila kugeuka. Kila mawili bado yanakutana, lakini mahali pa kukutania pamekuwa patatu, sambamba, kama kingo tatu za hema refu. Hakuna nukta iliyo kwenye mabapa yote.

Dalili: determinanti zote nne ni sifuri, na bado hakuna jibu

Tuite D determinanti ya pande za kushoto; zile za x, y na z ndizo zinazokaa juu kwenye kanuni ya Cramer. Hapa ndipo kanuni nyepesi iliyoenea inapomwangusha mtu: "D ikiwa sifuri, na zile za x, y na z zikiwa sifuri pia, majibu hayana idadi." Kwa mfano wetu ilifaa. Jaribu hii:

```
 x +  y +  z = 1
2x + 2y + 2z = 3
3x + 3y + 3z = 5
```

Determinanti zote nne ni sifuri. Lakini mlinganyo wa kwanza unalazimisha 2x + 2y + 2z iwe 2, na wa pili unasema ni 3. Hakuna jibu kabisa.

Kilichotokea ni kwamba kila kofakta ya matriksi hii, zote tisa, ni sifuri. Milalo yote ni mlalo mmoja uliozidishwa, kwa hiyo kofakta hazina tena cha kusema. Sifuri zao ni ukimya. Kipimo nilichoeleza kinahitaji walau kofakta moja isiyo sifuri. Ukikuta wima ambayo kofakta zake zote ni sifuri, jaribu wima nyingine. Zikiisha zote tisa, achana na kofakta, linganisha milinganyo miwili miwili kwa macho kama tulivyofanya sasa hivi.

Kama pande zote za kulia ni sifuri, wasiwasi huu haupo. Jibu la x = y = z = 0 lipo siku zote, hivyo determinanti ya sifuri hapo ina maana moja: majibu hayana idadi.

Dalili: kwa mkono ni sifuri, kompyuta inasema siyo

```python
import numpy as np
A = np.array([[1,2,3],[4,5,6],[7,8,9]])
print(np.linalg.det(A))
print(np.linalg.matrix_rank(A))
```

Kwa mkono ni 1·(-3) + 2·6 + 3·(-3) = 0. Kompyuta huenda ikakuonyesha kitu kama 6.66e-16. Haitumii kofakta, inaondoa herufi kwa kugawanya, na sehemu kama 1/7 haiwezi kuiandika kikamilifu, hivyo mabaki madogo hubakia. Hatari ni kwamba `np.linalg.solve` ikikutana na mabaki hayo badala ya sifuri kamili inaweza kukupa majibu bila kulalamika. Matriksi ya namba nzima lazima iwe na determinanti ya namba nzima, kwa hiyo hapa hakuna ubishi: ni 0. Mstari wa mwisho wa kodi unatoa 2, yaani milalo miwili tu ndiyo inayojitegemea.

Ila usigeuze jambo hili kuwa mazoea ya kuita kila determinanti ndogo sifuri. Matriksi yenye 0.001 kwenye mshazari mkuu na sifuri kwingine kote ina determinanti ya 0.000000001, na bado milinganyo yake ina jibu moja lililo wazi: gawanya kila upande wa kulia kwa 0.001. Determinanti imekuwa ndogo kwa sababu ya vipimo vilivyotumika, kwani ukizidisha matriksi nzima kwa 1000, determinanti inazidishwa kwa 1000 mara tatu na inakuwa 1.